Ziwa Likinywea, Biashara Ipi Inabaki? Kipato Kando ya Basotu, Tlawi na Eyasi

Anayeishi karibu na wavuvi katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hakosi ushauri. Mmoja humwambia achimbe bwawa afuge samaki. Mwingine humwambia ajenge tanuri, abanike kambale na kuwapeleka mjini. Wa tatu husema pesa iko kwenye matumbo yanayotupwa mwaloni, kwamba yakikaushwa na kusagwa huwa chakula cha kuku. Wa nne hataki habari ya samaki kabisa. Yeye husema fungua duka la nyavu, pika chakula cha wavuvi, chaji simu zao. Kila ushauri una watu walionufaika nao mahali fulani, na ndiyo maana unashawishi. Lakini mahali penyewe mara nyingi ni Mwanza, Ukerewe au pwani, ambako maji, samaki na wateja ni wa namna nyingine.

Upo pia ushauri mwingine unaosikika, ambao unaweza kuwekwa kando mapema. Mabondo yanayouzwa kwa bei kubwa ni ya sangara wa Ziwa Victoria. Kambale na perege wa Manyara hawana bondo la thamani hiyo. Mwani ni zao la bahari. Ufugaji wa vizimba unahitaji maji yenye kina na mzunguko wa kutosha ili mabaki ya chakula yasirundikane chini ya samaki, na Eyasi yenye kina cha kifundo cha mguu katika maeneo mengi wakati wa kiangazi haifai hata kufikiriwa. Yanabaki mapendekezo manne ya mwanzo. Makala haya yanayapima moja baada ya jingine kwa swali moja: ziwa likinywea au likifungwa, biashara hiyo inabaki na nini?

Maziwa yenyewe

Kosa la kwanza ni kuyazungumzia maziwa haya kana kwamba ni ziwa moja. Basotu, magharibi mwa Katesh, ni ziwa la maji yasiyo na chumvi katika eneo lenye mashimo ya volkano, jirani na nyanda ambako shirika la NAFCO lililima ngano kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970. Tlawi ni ziwa dogo karibu na mji wa Mbulu, juu kwenye baridi. Balangida, chini ya Mlima Hanang, ni ziwa la chumvi. Watu wa huko huvuna chumvi na si samaki.

Eyasi ni habari nyingine. Liko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kiasi cha mita 1,030 juu ya usawa wa bahari, wakati sehemu kubwa ya Mbulu ya juu iko zaidi ya mita 1,700. Halina mto unaotoka. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na Mto Sibiti kutoka Ziwa Kitangiri mkoani Singida, kisha yote hunyonywa na jua. Mvua zikiwa nyingi, ziwa hujaa, kambale na perege huongezeka haraka, na kambi za wavuvi huota ufukweni ndani ya wiki chache. Mvua zikikata miaka miwili mfululizo, maji hurudi nyuma, magadi huongezeka, samaki hufa na kambi huhama. Mwenye biashara inayotegemea Eyasi peke yake anategemea mvua ya mikoa jirani.

Soko nalo lina tabia yake. Jamii za wafugaji, hasa Wadatoga, kwa jadi hazikuwa na samaki kwenye mlo wao. Mabadiliko yapo, lakini mlaji mkubwa bado yuko mijini na kwenye miji midogo: Katesh, Haydom, Mbulu, Dongobesh, Babati, na kwenye minada ambako watu wa makabila mengi hukutana. Huko samaki wa Basotu hukutana na dagaa wanaoletwa kwa malori kutoka Kanda ya Ziwa, ambao wamekauka tayari, wanapimwa kwa kopo na wanadumu miezi. Mshindani wa kweli wa samaki wa Hanang ni huyo dagaa, zaidi ya mchuuzi mwenzake wa mwalo uleule.

Na ziwa dogo lina jambo moja zaidi: hufungwa. Uvuvi unapozidi, mamlaka huweza kulifunga ziwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane. Hatua hiyo ni nzuri kwa ziwa, lakini aliyekopa kwa kutegemea samaki wa kila siku huumia.

Hoja ya kwanza: kukausha na kubanika

Wanaotetea tanuri wana hoja nzito. Samaki mbichi katika joto la nyuzi 30 huanza kuharibika ndani ya saa chache tu. Barafu haipatikani kirahisi katika mialo ya huku, na mchuuzi anayeona jioni inaingia hukubali bei yoyote. Anayeweza kumgeuza samaki huyo awe mkavu amejinunulia muda, na kwa mchuuzi wa mazao yanayooza muda ndio mtaji mkubwa.

Kwa samaki mnene kama kambale, kukausha kwa jua peke yake hakutoshi, kwani ndani huoza kabla nje hakujakauka. Kambale hubanikwa. Huoshwa utelezi kwa chumvi au majivu, hutolewa matumbo, hukunjwa kama pete, kisha hupangwa kwenye wavu juu ya moto. Moto wa mwanzo huwa mkali kiasi, wa kumwivisha, na huchukua saa mbili hivi. Baada ya hapo moto hupunguzwa ukabaki moshi na joto dogo kwa siku moja hadi mbili. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa na wengi. Moto ukiendelea kuwa mkali, ngozi hukakamaa na kufunga maji ndani. Samaki huonekana mkavu kwa nje, lakini akivunjwa mgongoni nyama ni laini na yenye unyevu.

Kuna tanuri la aina ya Chorkor, lililopewa jina la kijiji cha wavuvi kando ya Accra, Ghana, na kusambazwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Ni chumba cha udongo au matofali chenye kuta za usawa wa kiuno, na juu yake hupangwa trei za mbao zenye wavu wa chuma, moja juu ya nyingine, hata kumi. Trei zenyewe ndizo zinazokuwa bomba la moshi. Moto mmoja huwahudumia samaki wote, na trei hubadilishana nafasi, ya chini ikapanda juu. Fundi wa kawaida wa matofali anaweza kulijenga. Faida yake juu ya pipa lililokatwa ni kuni: moshi haupotei ovyo, hivyo kuni hutumika kidogo zaidi kwa samaki walewale.

Hoja inaishia hapo kwa watetezi wengi. Udhaifu wake huonekana pale tu samaki wanapowekwa kwenye mizani.

*Hesabu ya kilo 100*

Tuchukue kambale wabichi kilo 100. Bei hapa ni za mfano, na msomaji aweke za mwalo wake. Lakini uzito haubadiliki sana. Wakitolewa matumbo na kuoshwa wanabaki kilo 90 hivi. Nyama ya samaki ni maji kwa kiasi cha robo tatu, kwa hiyo ndani ya kilo 90 kitu kikavu ni kama kilo 22 na nusu tu. Hicho ndicho kinachouzwa. Kilichobaki ni maji ya kuondoa.

Swali ni kuondoa maji kiasi gani. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 25, bakteria wa kuozesha hushindwa kufanya kazi. Ukishuka chini ya asilimia 15, ukungu nao hukoma. Katika asilimia 50 samaki ni wa kula ndani ya siku chache tu. Sasa tazama mizani: samaki wale kilo 90, wakiachwa na unyevu wa asilimia 50, wana kilo 45. Wakifikishwa asilimia 25, wana kilo 30. Wakifikishwa asilimia 15, wana kilo 26 na nusu.

Tuseme mnunuzi alilipa shilingi 4,000 kwa kilo, jumla 400,000, na kuni, chumvi, vibarua, usafiri na ushuru vikafika 90,000. Gharama yote ni 490,000. Kwa kilo 26 na nusu, kila kilo ya mkavu imemgharimu karibu shilingi 18,500 kabla hajapata hata senti moja ya faida. Mteja wa Katesh akiilinganisha na nyama ya ng'ombe au dagaa, atapita.

Lakini samaki wakijaa, na bei mwaloni ikianguka hadi 2,000, hesabu hiyohiyo inatoa gharama ya shilingi 11,000 kwa kilo. Hapo biashara inaanza kueleweka. Kanuni ya haraka ni kwamba kilo moja ya mkavu imekula karibu kilo nne za mbichi. Bei ya kuuzia ikiwa haizidi mara nne ya bei ya kununulia, pamoja na gharama za kazi, bora kumuuza mbichi.

Maana yake ni kwamba tanuri ni chombo cha siku za wingi. Anayebanika kila siku kwa bei yoyote atamaliza mtaji wake taratibu huku akijiona ana kazi. Anayebanika pale tu bei inapoanguka, au jioni samaki wanapobaki, ananunua kile ambacho wengine wangekitupa.

Hesabu hiyo pia inaeleza kishawishi kikubwa cha kazi hii. Aliyeishia kwenye kilo 45 ana mzigo mzito zaidi wa kuuza kwa kilo, na bei yake ya chini humvuta mteja. Wiki haiishi, mteja anaona utando mweupe au wa kijani mgongoni mwa samaki, na wadudu wadogo weusi wanaotoboa samaki wakavu wameshaingia. Jina la mwalo mzima linaharibika kwa ajili ya mmoja. Kinga ni rahisi na haihitaji kipimo cha maabara: pima trei moja kabla ya kubanika, piga hesabu ya uzito unaotakiwa, kisha ipime tena na tena. Trei iliyoanza na kilo 9 za samaki waliosafishwa iteremke hadi kilo 2 na gramu 650 hivi. Kabla ya hapo samaki hajakauka, hata kama macho yanasema amekauka.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye daftari, nayo ni miti. Katika Bonde la Yaeda, upande wa Mbulu unaopakana na Eyasi, jamii za Wahadzabe na Wadatoga hulipwa kwa kuhifadhi misitu yao kupitia mradi wa hewa ukaa. Mti unaokatwa kwa ajili ya tanuri huko unapunguza kipato cha kijiji kizima. Mwenye tanuri upande huo hana budi kununua kuni za miti iliyopandwa au kubanika mbali na bonde, na gharama hiyo aiweke kwenye hesabu yake tangu mwanzo.

Jambo la mwisho ni chumvi. Kwa kuwa Balangida iko jirani, wengi hudhani chumvi yake ya kienyeji inafaa kwa samaki kwa sababu ni rahisi. Chumvi iliyochanganyika na magadi hulainisha nyama na kuipa ladha ya sabuni. Ionje kwanza, kisha uijaribu kwa samaki wachache kabla ya kuimwaga kwenye mzigo mzima.

Hoja ya pili: matumbo na chakula cha kuku

Hoja hii inapendwa kwa sababu inaonekana kama pesa ya bure: kitu kinachotupwa kinageuzwa mali. Kwa viwanda vya sangara vya Mwanza, ambako minofu huchukua theluthi moja tu ya samaki na mabaki ni milima, hoja hiyo ni ya kweli. Kwa Basotu na Eyasi inahitaji kupimwa upya, kwa sababu huku samaki huuzwa mzima. Kichwa huliwa, mifupa huliwa, na kinachotupwa ni matumbo tu.

Turudi kwenye kilo zetu 100. Matumbo yake ni kilo 10 hivi. Yakichemshwa, yakakaushwa na kusagwa, hubaki karibu kilo mbili na nusu za unga. Katika chakula cha kuku wa mayai, unga wa samaki haupaswi kuzidi sana asilimia 8, la sivyo mayai hunuka samaki na gharama hupanda. Kilo mbili na nusu za unga zinatosha kutengeneza chakula cha kilo 30 hivi. Kuku mmoja wa mayai hula gramu 120 kwa siku. Kwa hiyo kilo 100 za samaki zinalisha kuku 250 kwa siku moja tu. Anayetaka kujenga biashara ya chakula juu ya matumbo peke yake anahitaji mwalo unaotoa kilo mia kila siku, mwaka mzima, jambo ambalo maziwa haya hayawezi kuliahidi.

Hata hivyo, hesabu hiyo inafunua kitu ambacho watetezi wa hoja hii mara nyingi hawakioni. Sehemu kubwa ya chakula cha kuku hutoka shambani, na shamba ndilo utajiri wa Hanang na Mbulu. Hanang hulima alizeti na ngano. Mashine za kukamua hutoa mashudu, vinu hutoa pumba. Mchanganyiko wa kawaida unaweza kuwa mahindi yaliyoparazwa kilo 50, pumba 15, mashudu ya alizeti 20, unga wa samaki au dagaa 8 na chokaa ya mifugo 7, pamoja na chumvi kidogo na vitamini. Hapo protini inafika karibu asilimia 16, inayomtosha kuku anayetaga. Samaki ni kiungo kidogo lakini muhimu, na jirani wa wavuvi ana nafasi ya kukipata kwa bei nafuu samaki wanapojaa: perege wadogo waliopondeka, kambale waliochelewa kuuzwa lakini hawajaoza, na matumbo.

Nguvu ya biashara hii ni kwamba ziwa likifungwa haifi. Siku hizo mchanganyaji hununua dagaa kutoka Kanda ya Ziwa, faida inapungua kidogo, lakini wateja wake, wafugaji wa kuku, bado wapo. Udhaifu wake ni hatari mbili. Ya kwanza ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu iliyoua watu mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula nafaka zilizohifadhiwa vibaya. Mahindi na mashudu yenye ukungu huwaumiza kuku vilevile, na dalili ni kuku kupunguza mayai na kudumaa bila ugonjwa unaoeleweka. Ya pili ni mafuta ya kambale: unga uliotengenezwa kwa samaki mwenye mafuta mengi huchacha ukikaa, na harufu kali ya kuchacha ndiyo onyo. Unga huo utumike ndani ya wiki chache. Haufai kulimbikizwa kwa miezi.

Hoja ya tatu: mabwawa

Hoja ya mabwawa inasema: ikiwa ziwa haliaminiki, mtengenezee samaki ziwa lake. Kwa mantiki haina kosa. Tatizo lake katika wilaya hizi mbili ni la kijiografia, na linaweza kusemwa kwa sentensi moja: kwenye maji kuna baridi, na kwenye joto hakuna maji.

Perege na sato hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo, na yakikaribia 16 karibu wanaacha kula. Mbulu ya juu, yenye chemchemi na mabonde ya maji, ina usiku wa Juni na Julai wenye baridi kali. Samaki ambaye sehemu za joto angefika gramu 250 kwa miezi sita au saba, huku anaweza kuchukua mwaka. Kule chini karibu na Eyasi joto lipo, lakini maji ni haba na yenye magadi, na kila pipa la maji lina mgombea mwingine: ng'ombe, shamba, au nyumba.

Hesabu ya mfano inasaidia. Bwawa la mita za mraba 200 huwekwa vifaranga 400, wawili kwa kila mita. Wakifa asilimia 20 wanabaki 320. Wakifika gramu 250 kila mmoja ni kilo 80. Chakula cha kuwafikisha hapo ni kama kilo 145. Kwa vifaranga vya shilingi 200, chakula cha 2,000 kwa kilo, na samaki wa 6,000 kwa kilo, mapato ni 480,000 na gharama ya vifaranga na chakula ni karibu 370,000. Kinachobaki ni kama 110,000, kabla ya kuchimba bwawa na kulipa mlinzi. Baridi ikiwachelewesha, hata hicho hakibaki.

Kuna kosa lingine linaloangusha mabwawa mengi: kuvua vifaranga ziwani na kuvitia bwawani, madume na majike pamoja. Wanazaliana ndani ya miezi michache, bwawa linajaa samaki wadogo wa kidole, na hakuna anayefika ukubwa wa kuuza. Vifaranga vya madume watupu kutoka kwa wazalishaji wanaoaminika hugharimu, lakini bila hivyo bwawa huishia kuwa kitalu cha samaki waliodumaa. Kwa mwenye chemchemi ya kudumu na anayetaka kitoweo na mbolea ya maji ya bustani, bwawa dogo lina maana. Vitunguu saumu vya Mbulu vinaweza kunufaika na maji hayo. Kama biashara ya kujitegemea, ni hoja dhaifu kuliko zote nne kwa eneo hili.

Hoja ya nne: kumhudumia mvuvi

Hoja ya mwisho humtazama mvuvi kama mteja. Mvuvi hupata pesa kila siku na kuitumia kila siku. Anahitaji chai alfajiri, nyavu ziunganishwe, mtumbwi uzibwe, simu ichajiwe, pesa itumwe nyumbani. Mtaji wa kuanza ni mdogo, na mapato huonekana jioni hiyohiyo. Kwa kijana au mama asiye na mtaji, hakuna mlango mwepesi zaidi.

Huduma moja ya aina hii inafaa maziwa haya kuliko mengine, nayo ni kumsafirisha kambale akiwa hai. Kambale ana kiungo cha kumwezesha kupumua hewa, hivyo akiwekwa kwenye gunia lililoloweshwa, kivulini, bila kubanwa, huishi kwa saa nyingi nje ya maji. Asafirishwe usiku au alfajiri, gunia liloweshwe njiani, na anayekufa atolewe mara moja. Mwenye bodaboda anayeweza kumfikisha Haydom au Katesh akiwa anacheza hahitaji barafu, na mteja hana shaka na ubichi wa samaki wake.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba ina uhai uleule wa ziwa. Kambi ya Eyasi ikihama, mama lishe na fundi nyavu wanabaki na vibanda vitupu. Wavuvi wa maziwa haya pia ni wachache, hivyo duka la zana linaweza kujaza bidhaa zisizotoka. Na mkopo una mtego wake. Mwenye duka anayetoa nyavu kwa mali kauli, kisha akawalipa wavuvi bei ya chini mpaka deni liishe, hupata samaki rahisi, lakini pia hupata wavuvi wanaomkimbia usiku na kuuza mwalo mwingine. Mbaya zaidi ni nyavu za matundu madogo na makokoro. Zinauzika haraka kwa sababu zinavua kila kitu, na ni kinyume cha Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Muuzaji wake anauza leo kile kitakachofunga ziwa kesho, na ziwa likifungwa duka lake litakosa wateja kabla ya duka jingine lolote.

Kwenye mizani

Hoja hizi nne hazishindani kwa usawa, kwa sababu kila moja inaumizwa na jambo tofauti. Tanuri linaumizwa na bei ya kununulia. Chakula cha kuku kinaumizwa na ubora wa uhifadhi. Bwawa linaumizwa na baridi na uhaba wa maji. Huduma zinaumizwa na kuhama kwa wavuvi. Kati ya mambo hayo, mtu anaweza kuyatawala mawili tu: bei anayokubali kununulia, na namna anavyohifadhi. Baridi ya Mbulu na mvua ya Kitangiri haziko mikononi mwake.

Kwa hiyo uzito unaegemea kwenye mchanganyiko wa tanuri na chakula cha kuku, chini ya paa moja. Siku za wingi, mtu au kikundi hununua samaki walioanguka bei: wanene huenda kwenye tanuri, wadogo na matumbo huenda kwenye unga. Siku za uhaba tanuri hulala bila hasara kubwa, kwa kuwa ni la udongo na trei, na kazi inaendelea kwa mashudu, pumba na dagaa wa kununua. Huduma mwaloni zinafaa kuwa hatua ya kwanza ya kukusanya mtaji na kuwajua wavuvi, si mwisho wa safari.

Mtaji unaweza kutafutwa kwa kikundi. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa nne, nne na mbili. Mkopo huo hauna riba, lakini marejesho yake hayasubiri mvua. Kwa hiyo ratiba ya kulipa ipangwe kwa mapato ya chakula cha kuku, ambayo yako palepale, si kwa mapato ya samaki. Leseni ya biashara ya mazao ya uvuvi na kibali cha kuyasafirisha hupatikana kwa ofisi ya uvuvi ya halmashauri, na anayetaka kufunga samaki kwenye mifuko yenye nembo aanze mapema kuzungumza na SIDO na Shirika la Viwango, TBS, ambalo ndilo linalosajili vyakula tangu mwaka 2019.

Kwa muhtasari

Maziwa ya Hanang na Mbulu ni madogo, hubadilika na hufungwa, na biashara inayochukua ushauri wa Ziwa Victoria bila kuupima huanguka nayo. Kubanika kunalipa samaki wakiwa rahisi, kwa kuwa kilo moja ya mkavu hula karibu nne za mbichi, na mizani ndiyo hakimu wa ukavu. Matumbo peke yake hayatoshi kuwa biashara, lakini yakiingizwa kwenye alizeti na ngano za hapahapa yanakuwa kiungo cha chakula cha kuku ambacho huuzwa hata ziwa likiwa kavu. Mabwawa yanafaa penye chemchemi na matarajio madogo. Huduma mwaloni hufungua mlango kwa asiye na kitu. Anayetaka kuchagua basi aanze kwa kuuliza mwaloni mambo mawili: bei ya chini kabisa ya samaki mwaka huu ilikuwa kiasi gani, na ilidumu siku ngapi. Majibu hayo yatamwambia kama tanuri lake litakuwa na kazi.